Barua ya kuomba benki ipange upya marejesho: anza na Januari, si na wastani

*Mzee wetu, nina kiwanda kidogo cha mikate hapa Nakuru na ninasambazia shule na maduka ya upande wa Njoro na Rongai. Nilikopa benki shilingi 2,400,000 za tanuri na gari kwa miezi 36, riba asilimia 18 kwa mwaka juu ya baki. Nimelipa awamu 12 za shilingi 86,766 bila kukosa, lakini ile ya Oktoba nililipa kwa pesa za chama cha mke wangu. Baki sasa ni 1,738,000. Shule zinachelewa kulipa na tatu zimeniacha kabisa. Afisa wa mikopo ameniambia niandike barua ya kuomba marejesho yapangwe upya, niambatanishe na makadirio mapya ya fedha. Niombe nini hasa, na niandike vipi? Nimekutumia daftari langu la mauzo na taarifa ya akaunti.*

Ndugu yangu, umeniandikia wakati unaofaa, kwa sababu bado hujakosa awamu hata moja, na jambo hilo lina uzito kuliko sentensi yoyote nitakayokusaidia kuiandika. Kwa utaratibu unaofuatwa na benki zetu chini ya Benki Kuu ya Kenya, mkopo unaochelewa kwa zaidi ya siku 30 huhamishwa katika kundi la mikopo ya kuangaliwa, na ukipita siku 90 huhesabiwa kuwa haulipiki. Kuanzia hapo benki hulazimika kutenga fedha zake nyingi zaidi kufidia hasara inayotarajiwa, na mteja hupewa ilani kabla jina lake halijapelekwa CRB kama mdaiwa aliyeshindwa. Afisa anayeletewa ombi la mkopo ambao haujachelewa hata siku moja ana nafasi ya kulitetea mbele ya kamati. Akiletewa lilelile baada ya siku 95, faili huwa tayari iko mikononi mwa watu wa kukusanya madeni, ambao kazi yao si kukusikiliza bali kukufuata.

Nilikaa katika kamati ya mikopo kwa miaka mingi, hapo Nakuru na baadaye Kisumu, na nitakueleza jinsi barua hizi zinavyosomwa. Aya za kwanza zinazosimulia ugumu wa maisha tulizipitia haraka, si kwa ukosefu wa huruma, bali kwa sababu kila barua ilikuwa nazo. Tulifungua kiambatisho, tukatafuta mwezi mbaya kuliko yote, kisha tukauliza kama awamu inayoombwa inalipika katika mwezi huo. Nakumbuka mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi aliyeleta makadirio yanayoonyesha mapato yaleyale kila mwezi, kuanzia Januari hadi Desemba. Hatukuhitaji hata robo saa kumkatalia, ingawa huenda biashara yake ilikuwa nzuri, kwa sababu hakuna duka la saruji linalouza sawasawa wakati wa masika na wakati wa kiangazi, na mtu asiyeujua mwaka wake mwenyewe hawezi kuahidi lolote juu yake.

Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu, tenganisha matatizo yako mawili, kwa sababu katika swali lako umeyataja kwa pumzi moja, na benki ikiyasoma hivyo itakupa dawa moja kwa magonjwa mawili. Shule kuchelewa kulipa ni tatizo la wakati: pesa zipo, zinakuja, ila hazifiki siku uliyozitarajia. Shule tatu kukuacha ni tatizo la kiasi: pesa hizo hazitakuja tena mpaka upate wateja wengine. La kwanza hutulizwa kwa kupewa miezi michache ya kulipa riba peke yake, ili pengo lipite. La pili halitulizwi hivyo hata kidogo, kwa kuwa miezi hiyo ikiisha utakuta awamu ni ileile na wateja ni walewale wachache. Dawa yake ni kuongeza muda wa mkopo ili awamu yenyewe ipungue. Wewe unahitaji zote mbili, na barua ieleze kwa nini unaomba kila moja.

Ushahidi wa kuchelewa usiuandike kwa maneno. Chukua ankara sita za mwisho ulizozipelekea shule zinazobaki, andika tarehe ya kila ankara na tarehe pesa zilipoingia benki au kwenye namba yako ya Lipa na M-Pesa, kisha hesabu siku. Nimefanya hivyo kwa kumbukumbu ulizonitumia: mwaka jana shule zilikulipa baada ya siku 30 hivi, na sasa ni siku 75. Kwa maneno mengine, mkate uliouoka muhula huu unalipwa muhula ujao, na wewe ndiye unayeikopesha shule unga. Mhasibu wa shule akikuambia kwamba anasubiri mgao wa serikali, huenda anasema kweli, lakini makadirio yako yafuate tarehe zilizokwisha kuonekana, si tarehe alizoahidi.

Sasa makadirio yenyewe. Yale ya kwanza uliyopeleka benki wakati wa kuomba mkopo yalionyesha kwamba utabaki na shilingi 110,000 kila mwezi kabla ya kulipa awamu. Usiyafiche na usijifanye hayakuwepo, kwa sababu yamo ndani ya faili na yatawekwa mezani kando ya haya mapya. Andika wazi kwamba yalijengwa juu ya shule 11 zinazolipa kwa siku 30, na kwamba haya mapya yamejengwa juu ya shule 8 zinazolipa kwa siku 75. Tofauti ikiwa na sababu mbili zinazohesabika, kamati huiamini. Ikiachwa bila maelezo, wataanza kujiuliza ni makadirio gani kati ya hayo mawili yaliyokuwa uongo.

Kila mwezi ujengwe kutoka chini, kwa pesa zinazoingia mkononi na zinazotoka mkononi, wala si kwa mauzo yaliyoandikwa kwenye ankara. Nitakuonyesha Januari, kwa sababu ndiyo itakayoamua kila kitu. Maduka, yanayolipa papo hapo, yataleta shilingi 196,000. Shule zitaleta 44,000 tu, nazo ni madeni ya muhula wa tatu. Jumla ni 240,000. Upande wa pili kuna unga, sukari, mafuta na hamira, shilingi 110,000, kwa kuwa shule zikifunguliwa unaoka kwa wingi kabla hujalipwa hata senti, stima 17,000, kodi ya jengo 10,000, mishahara 36,000, mafuta na matengenezo ya gari 12,000, mifuko ya kufungia 6,000, na matumizi ya nyumbani kwako 20,000. Jumla ya zinazotoka ni 211,000, na kinachobaki cha kulipia mkopo ni 29,000.

Nimeweka matumizi ya nyumbani kwa makusudi, na wewe uyaweke. Daftari lako halikuwa nayo, jambo linalowatokea wafanyabiashara wengi wadogo, lakini taarifa yako ya akaunti inaonyesha kila mwezi unatoa pesa za karo na chakula. Afisa ataziona. Asipozikuta kwenye makadirio atajumlisha mwenyewe, na kwa tahadhari atajumlisha zaidi ya unachotumia.

Jambo la pili la kuangalia ni madeni ya zamani. Shule zinadaiwa jumla ya shilingi 310,000, na kati ya hizo 190,000 zimepita siku 90, nyingi zikiwa za zile tatu zilizokuacha. Kishawishi ni kuziweka zote Januari au Februari, na ghafla mwaka mzima unapendeza. Usifanye hivyo. Katika jedwali hapa chini nimehesabu zile 120,000 ambazo bado ni changa, kwa mwendo wa siku 75, na zile 190,000 sikuzihesabu hata shilingi moja. Orodha yake uiambatanishe peke yake, na useme katika barua kwamba chochote kitakachopatikana humo kitapunguza msingi wa mkopo. Deni kuukuu likiandikwa hivyo huwa ni nyongeza inayoifurahisha benki, badala ya nguzo ambayo ikianguka inaangusha makadirio yote.

Ukifuata njia hiyo kwa miezi 12, kuanzia Novemba, unabaki na jumla ya shilingi 768,000 za kulipia mkopo kwa mwaka, yaani wastani wa 64,000 kwa mwezi. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Wanaona 64,000, wanaenda benki kuomba awamu ya karibu 63,000, nayo ndiyo hasa utakayopata ukirefusha baki la 1,738,000 hadi miezi 36: shilingi 62,833. Kwa wastani inatosha. Lakini benki haikati wastani kwenye akaunti yako. Hukata tarehe ya mwezi husika, iwe Desemba shule zimefungwa au Julai zimejaa. Una akiba ya 35,000. Novemba utabaki na 41,000, ukilipa 62,833 akiba itashuka hadi 13,167, na Desemba utapungukiwa na shilingi 11,666. Mkopo uliopangwa upya utakuwa umekwama katika mwezi wake wa pili.

Nilijaribu pia kurefusha hadi miezi 48 bila kubadilisha kitu kingine. Awamu inakuwa 51,054, Novemba na Desemba zinapita, lakini Januari unapungukiwa na kama shilingi 10,000, wakati uleule unaohitaji unga wa kufungulia shule. Ndiyo maana nimekuambia unahitaji dawa zote mbili. Ninachopendekeza uombe ni hiki: Novemba, Desemba na Januari ulipe riba tu, ambayo ni asilimia 1.5 ya baki kwa mwezi, yaani shilingi 26,070. Kisha kuanzia Februari ulipe awamu sawa 45. Muda wote unakuwa miezi 48. Kiasi cha awamu utakipata ukiandika hivi katika programu ya majedwali kama Excel, kwenye kompyuta au simu:

```
=PMT(18%/12,45,-1738000)
```

Jibu ni shilingi 53,391. Na hili ndilo jedwali la kuambatanisha, ukianza na zile 35,000 zilizopo:

| Mwezi | Kinachobaki kabla ya mkopo | Malipo ya mkopo | Akiba mwisho wa mwezi |
|---|---|---|---|
| Novemba | 41,000 | 26,070 | 49,930 |
| Desemba | 38,000 | 26,070 | 61,860 |
| Januari | 29,000 | 26,070 | 64,790 |
| Februari | 68,000 | 53,391 | 79,399 |
| Machi | 92,000 | 53,391 | 118,008 |
| Aprili | 71,000 | 53,391 | 135,617 |
| Mei | 48,000 | 53,391 | 130,226 |
| Juni | 83,000 | 53,391 | 159,835 |
| Julai | 95,000 | 53,391 | 201,444 |
| Agosti | 66,000 | 53,391 | 214,053 |
| Septemba | 63,000 | 53,391 | 223,662 |
| Oktoba | 74,000 | 53,391 | 244,271 |

Afisa mwerevu atakiangalia kile 244,271 na kukuuliza: kama utabaki na akiba kubwa hivyo, kwa nini usilipe kwa miezi 39, yaani mitatu ya riba na 36 ya awamu ya 62,833? Swali ni la haki, na jibu lake liwe tayari ndani ya kiambatisho. Fanya makadirio ya pili, ukichukulia kwamba mapato yote yamepungua kwa asilimia 10. Kwa wastani unapokea kama 340,000 kwa mwezi, kwa hiyo pungufu ni 34,000, na karibu nusu yake inafidiwa na unga ambao hutaununua. Kila mwezi unabaki na 17,000 pungufu ya jedwali la kwanza. Kwa mpango wa miezi 48, akiba inashuka hadi kama 11,000 mwezi wa Februari na tena Mei, lakini haifiki chini ya sifuri mwaka mzima. Kwa mpango wa miezi 39, Mei unapungukiwa na zaidi ya 26,000. Hiyo ndiyo sababu ya kuomba muda mrefu zaidi, nayo inaonekana kwa macho.

Lazima nikuambie na mpaka wa hesabu hiyo, kwa sababu benki itauona. Ikiwa pungufu la asilimia 10 litaendelea hadi mwaka wa pili, Desemba ya mwaka huo utapungukiwa na kama shilingi 21,500, maana safari hiyo hakutakuwa na miezi ya riba tu. Usilifiche. Badala yake, jitolee kukutana na afisa kila mwaka mwezi wa Septemba, kabla shule hazijafungwa, mkiwa na hesabu halisi mbele yenu.

Gharama nayo uitazame usoni kabla ya kutia sahihi. Ukiendelea kama ulivyo, utalipa jumla ya kama 2,082,000 katika miezi 24 iliyobaki. Kwa mpango huu utalipa kama 2,481,000 katika miezi 48. Tofauti ya karibu shilingi 399,000 ndiyo bei ya nafasi unayoomba, na ni kubwa. Ndiyo maana nakushauri uweke katika barua sharti linalokubana wewe mwenyewe: kila mwisho wa Julai, akiba yoyote inayozidi 120,000 iende kupunguza msingi wa mkopo, bila faini ya kulipa mapema. Kwa jedwali la kwanza ni zaidi ya 81,000 katika Julai ya kwanza, na kinachobaki bado kinakuvusha Novemba hadi Januari. Biashara ikienda vizuri mkopo unaisha mapema na tofauti ile inapungua. Ikienda vibaya, awamu ndogo inakulinda. Sijaona kamati iliyolichukulia sharti la namna hiyo kama udhaifu.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja na nusu. Hii hapa, ujaze tarehe, namba na majina. Ikiwa tawi lako linataka Kiingereza, hoja zibaki kwa mpangilio huuhuu.

*Kwa Meneja wa Tawi,*

*YAH: OMBI LA KUPANGA UPYA MAREJESHO YA MKOPO NAMBA ......*

*Ninarejelea mkopo uliotajwa hapo juu, ambao baki lake baada ya awamu ya Oktoba ni shilingi 1,738,000. Awamu zote 12 zimelipwa kwa wakati. Ninaandika kabla ya kukosa awamu yoyote, kwa sababu makadirio yangu mapya yanaonyesha kwamba sitaweza kulipa shilingi 86,766 kuanzia Novemba.*

*Sababu ni mbili. Kwanza, shule ninazozihudumia, zilizokuwa zikinilipa baada ya siku 30 hivi, sasa hunilipa baada ya siku 75, kama ankara sita zilizoambatanishwa zinavyoonyesha. Pili, shule tatu kati ya 11 zimeacha kununua kwangu. Sababu ya kwanza imenipunguzia fedha za miezi ya likizo. Ya pili imepunguza mapato yangu kwa ujumla.*

*Kwa hiyo ninaomba: (a) Novemba, Desemba na Januari nilipe riba peke yake, shilingi 26,070 kwa mwezi, (b) kuanzia Februari nilipe awamu 45 za shilingi 53,391, kwa kiwango kilekile cha riba, (c) niruhusiwe kupunguza msingi wa mkopo wakati wowote bila faini.*

*Kwa upande wangu, ninaahidi kwamba kila tarehe 31 Julai akiba inayozidi shilingi 120,000 italipwa kwenye msingi wa mkopo. Kwamba madeni ya shule yaliyopita siku 90, jumla shilingi 190,000, ambayo sikuyahesabu katika makadirio, yatalipwa humo pia kadiri yatakavyopatikana. Kwamba sitakopa kwingine bila kuwaarifu. Na kwamba nitawaletea hesabu halisi kila baada ya miezi mitatu, na kukutana nanyi kila Septemba.*

*Nimeambatanisha makadirio ya miezi 12, makadirio ya pili yenye mapato pungufu kwa asilimia 10, taarifa za benki na za M-Pesa za miezi 12, orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni, na barua ya mdhamini wangu akikubali mabadiliko haya. Ninaomba nafasi ya kuyaeleza ana kwa ana kabla ya tarehe ya awamu ya Novemba.*

Katika barua hiyo kuna sentensi mbili ambazo wengi hawaziweki. Ya kwanza ni ahadi ya kutokopa kwingine. Hofu kubwa ya afisa anapompunguzia mteja awamu ni kwamba nafasi hiyo itajazwa na mikopo ya simu ya riba kali, na taarifa yako ya M-Pesa ya miezi 12 itamwonyesha kama umeanza. Kama umeanza, mwambie kabla hajaona, na uweke malipo yake katika makadirio. Hata pesa za chama za Oktoba, kama ni za kurudishwa, ni deni; ziingize katika mwezi mtakaokubaliana na mkeo kuzirudisha, kisha urekebishe akiba ya kila mwezi unaofuata.

Ya pili ni ile ya mdhamini. Daftari lako linaonyesha kaka yako ndiye aliyekudhamini, pamoja na gari. Alidhamini mkopo wa miezi 36, si mkopo utakaoendelea mpaka miaka mitano tangu ulipoanza. Masharti yakibadilishwa bila yeye kukubali, anaweza kudai kwamba udhamini wake umekwisha, na benki inalijua hilo. Haitatoa mpango mpya bila sahihi yake. Mwendee nyumbani umweleze mwenyewe, na umwonyeshe jedwali lile la pungufu, si lile zuri peke yake. Nimewahi kuona ombi lililokubaliwa na kamati likilala wiki sita kwa sababu mdhamini alipata habari kutoka kwa benki na akakasirika, na katika wiki hizo sita mkopo ulichelewa.

Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri na tarehe ubaki nayo. Mpaka mpango mpya utiwe sahihi na pande zote, mkataba wa zamani ndio unaotawala, kwa hiyo usipunguze awamu kwa kudhani kwamba barua yako imeshakubaliwa. Ikiwa tarehe ya Novemba itafika bila jibu, lipa angalau riba ya 26,070, na umwandikie afisa siku hiyohiyo kwamba umelipa kiasi hicho ukisubiri uamuzi. Hilo halikuondolei uchelewaji wa kiasi kilichobaki, lakini linaonyesha kwamba unafanya kile ulichosema utafanya.

Waraka wa mpango mpya ukija, usome ukiwa na kalkuleta. Angalia kama kiwango cha riba kimebaki asilimia 18, kwa sababu wakati mwingine hupandishwa na awamu ikaonekana nafuu kwa kuwa tu muda umerefushwa. Angalia ada ya kupanga upya, na kama inalipwa taslimu au inaongezwa kwenye baki. Ikiongezwa, awamu haitakuwa 53,391 tena, na ile hesabu niliyokupa itakuonyesha itakuwa ngapi. Angalia kama bima ya mkopo imeongezwa hadi mwisho wa muda mpya, na nani analipia. Kisha hakikisha agizo la kudumu la kukata pesa kwenye akaunti limebadilishwa, maana kompyuta itaendelea kukata 86,766 mpaka mtu ailekeze vingine, na akaunti ikikosa hizo utatozwa ada ya malipo yaliyokataliwa katika mwezi wako wa kwanza wa nafuu.

Inawezekana wakakujibu kwamba sera ya tawi ni miezi 36 na si zaidi, bila miezi ya riba tu. Usikubali kwa furaha ya kupata chochote, kwa kuwa umeshaona kwamba mpango huo unakwama Desemba, na mkopo uliopangwa upya kisha ukashindwa tena ni mgumu kuombewa nafasi ya pili. Rudi na jedwali, uwaonyeshe mstari wa Desemba, na uulize kama wanaweza kukupa miezi 36 ya awamu baada ya miezi mitatu ya riba, pamoja na Mei ya kila mwaka kulipwa riba peke yake. Ukifanya hivyo, katika hali ya mapato pungufu unaimaliza Mei ya kwanza na akiba ndogo mno, lakini unaimaliza. Hesabu hiyo uipeleke ikiwa imeandikwa tayari kwenye karatasi ya pili ndani ya bahasha, nayo usiitoe mpaka ya kwanza ikataliwe.